Kidonda kisichokuwa na kigaga

Simu iliita nikiwa nasonga ugali. Namba haikuwa na jina, lakini sauti niliijua kabla hajamaliza salamu.

"Daktari, ni mimi yule wa mizani. Mama watoto ametokwa na kipele."

"Wapi?"

Akanyamaza. Nikasikia mlango ukifungwa upande wake, kisha akashusha sauti.

"Palepale pangu."

Nikaepua sufuria. Nilikuwa nimekwisha kuelewa, na nadhani yeye pia alijua kwamba nimeelewa, kwa sababu neno lililofuata hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayesoma risiti.

"Na uliniambia niende nyumbani."

Nilimwambia, ndiyo. Ilikuwa tarehe 3 Juni 2025, na tangu siku ile ya simu nimeandika makala hii mara nne kichwani na kuifuta mara nne. Mimi si daktari, ni tabibu, ingawa kwenye kliniki za kandokando ya barabara kuu ya Mombasa kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari. Nimeona vidonda vya sehemu za siri vya kila namna. Huenda hiyo ndiyo iliyoniponza nilipokutana na mpox, ugonjwa wa kirusi unaoleta vipele na vidonda.

## Alivyokuja mara ya kwanza

Alikuja tarehe 15 Mei, saa nne asubuhi, lori lake likiwa kwenye foleni ya mizani. Dereva wa masafa marefu hana muda: ana kontena, ana tajiri anayepiga simu kila baada ya saa moja, ana utingo aliyemwachia funguo. Alisimama mlangoni na kusema ana "kitu kidogo".

Kilikuwa kidonda kimoja, chini ya govi, karibu na shingo ya uume. Kinena cha kulia kilikuwa na mtoki mkubwa kama yai la njiwa. Hana homa, hana upele mahali pengine. Kabla hajaulizwa akaniambia kwamba tarehe 3 Mei alilala na mwanamke karibu na Malaba, mpakani na Uganda, na kwamba kipele kilijitokeza siku tisa baadaye.

Kidonda kimoja, mtoki, safari ya Malaba. Kichwani mwangu jibu likatoka lenyewe: kaswende. Nikamdunga penisilini, nikampa vidonge, nikamwambia arudi wiki ijayo.

Yapo mambo matatu niliyoyaona na sikuyasikiliza.

La kwanza, alikunja uso nilipogusa pembeni. Kidonda cha kaswende kwa kawaida hakiumi. Unaweza kukibonyeza na mwenyewe akaendelea kukusimulia habari za barabara. Hiki kilimuuma hata kabla sijakifikia.

La pili, govi lilikuwa limevimba, limejaa maji, kiasi kwamba alilirudisha kwa taabu. Kidonda kidogo hivyo hakikustahili uvimbe mkubwa vile.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi. Kidonda kilikuwa na kibonyeo katikati, kama kitovu.

## Kinavyoonekana, ukikitazama kweli

Tangu hapo nimevitazama vidonda vingi vya mpox, na sasa naweza kukieleza hata nikiwa nimefumba macho.

Kinaanza kama doa jekundu au jeusi kidogo kuliko ngozi, halafu kinainuka kikawa kipele. Ukikipitishia kidole chenye glovu unahisi punje ya dengu iliyozikwa ndani ya ngozi. Mpox haikai juujuu. Baada ya siku chache kinageuka rangi, kinakuwa cheupe kama maziwa au cha manjano, na mtu yeyote angeapa kwamba kimejaa usaha. Hapo ndipo wengi wanapochukua sindano au wembe. Wakikitoboa hakitoi kitu. Ndani si usaha wa kumiminika, ni nyama iliyooza ikiwa bado ngumu, na anayekitoboa anajichanja na kujisambazia. Kisha katikati panabonyea, panakuwa peusi, na kwenye ngozi kavu panafunga kigaga.

Malengelenge ya sehemu za siri ni kitu kingine. Yanakuja kwa kundi, madogo, yanapasuka mapema na kuacha vidonda visivyo na kina, na mara nyingi mwenyewe atakuambia "haya hunitoka kila nikichoka". Pangusa, ugonjwa mwingine wa zinaa, inauma kama mpox, lakini kingo zake zimechanika-chanika na kidonda chenyewe ni laini. Hizo ni tofauti za vitabuni na zina faida yake, ila mtu mmoja anaweza kuwa na mpox na kaswende kwa wakati mmoja. Ndiyo maana sasa sichagui. Kidonda chochote cha sehemu za siri ninakichukulia sampuli ya mpox, na mgonjwa anapimwa kaswende na HIV siku hiyohiyo. Suala la HIV si la kujaza fomu: aliye na HIV asiyetumia dawa, ambaye kinga yake imeshuka sana, ndiye vidonda vyake hupanuka na kuoza badala ya kufunga.

Sampuli yenyewe haitoki kwenye damu. Unasugua kidonda kwa kijiti cha pamba, unasugua hasa, mpaka mgonjwa akukasirikie kidogo, kisha kijiti kinaingia kwenye kichupa na kwenda maabara kwa kipimo cha PCR.

Dereva wangu alirudi baada ya siku tatu, si wiki. Safari hii alikuwa na vipele sita mikononi, viwili usoni, kimoja kwenye kiganja. Hapo hata mlinzi wa getini angejua.

## Kwa nini sikukijua

Mpox niliyofundishwa darasani ilikuwa na sura nyingine. Ilikuwa picha ya mtoto wa kijijini karibu na msitu wa Kongo, uso na miguu imejaa upele wa rika moja. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza huko Kongo mwaka 1970, na kwa miaka mingi picha ilibaki hiyohiyo.

Kisha ukaja Kamituga, mji wa wachimba dhahabu huko Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Kuanzia Septemba 2023 waliofika hospitalini pale hawakuwa watoto wa msituni. Walikuwa watu wazima, wengi wao wachimbaji na wanawake wanaofanya biashara ya ngono kwenye baa, na vidonda vyao vilianzia sehemu za siri. Kirusi kilikuwa aina mpya, ile iliyopewa jina la Ib, na kilikuwa kikisafiri kwa ngono. Mwaka 2022, aina nyingine ilikuwa imekwisha kuenea Ulaya na Amerika kwa njia hiyohiyo, zaidi kati ya wanaume wanaolala na wanaume.

Kutoka Kivu ilifuata barabara. Kwetu Kenya mgonjwa wa kwanza aligunduliwa Taveta, mpakani, Julai 2024: msafiri aliyetoka Uganda akielekea Rwanda. Machi 2025 Tanzania ilipotangaza wagonjwa wake wa kwanza wawili, mmoja alikuwa dereva wa lori aliyekuwa akielekea Dar es Salaam.

Kwa hiyo nilikuwa nimekaa kandokando ya barabara yenyewe, mwezi Mei 2025, nikimtazama dereva, nikiwa na picha ya mtoto wa msituni kichwani.

## Bawasiri ambayo haikuwa bawasiri

Nilikusudia nisitoke nje ya kisa cha dereva, lakini huyu siwezi kumruka.

Kijana wa miaka ishirini na kitu alifika na tyubu ya dawa ya bawasiri aliyonunua duka la dawa, imebanwa mpaka mwisho. Alisema anaumwa anapokwenda haja kubwa kiasi cha kung'ata taulo. Alikuwa akisikia haja wakati wote, akikaa chooni hakitoki kitu isipokuwa ute na damu kidogo. Ngozi ya nje nilipoitazama kwa haraka ilikuwa safi.

Bawasiri huweza kuuma na kutoa damu. Ila ile hamu ya haja isiyokwisha, pamoja na ute, ilionyesha kwamba utumbo wa mwisho kwa ndani umewaka. Nikamwomba alale ubavu, nikavuta makalio taratibu, nikaleta tochi. Kwenye mikunjo ya ngozi ya tundu, pale ambapo huoni mpaka uifungue, palikuwa na vitatu. Vyeupe, vyenye kibonyeo.

Nilimuuliza swali moja tu, kwa sauti ileile ninayoulizia kama mtu ana mzio wa penisilini: "Ukifanya mapenzi, huwa ni kwa mbele, kwa nyuma, kwa mdomo?" Akanijibu. Sikunyanyua uso kwenye karatasi mpaka alipomaliza. Wanawake pia hupata vidonda hivi nyuma, na wengine huvipata bila ngono ya nyuma, kwa mkono au kitambaa kilichotoka kwenye kidonda kingine. Jibu lake lilinisaidia kujua wapi pa kutazama na nani wa kutafuta, basi.

Maumivu yake yalikuwa makali kuliko ya dereva mara tatu. Alichohitaji ni dawa ya maumivu ya kweli, kitu cha kulainisha choo, na beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi la kukalia mara tatu kwa siku. Dawa ya kuua kirusi chenyewe sikuwa nayo ya kumpa. Ile iliyotegemewa sana, tekovirimati, ilijaribiwa Kongo na matokeo yaliyotolewa Agosti 2024 yalionyesha kwamba haikuharakisha kupona kwa vidonda.

## Kinavyohama

Watu huuliza kama mpox ni "ugonjwa wa zinaa". Mimi hujibu kwamba ni ugonjwa wa ngozi kugusana na ngozi, na hakuna mahali ngozi hugusana kwa muda mrefu na kwa kusuguana kama kitandani. Kirusi kimejaa kwenye kidonda. Pale kinaposuguliwa kwenye ngozi laini ya mwingine ndipo kipele cha kwanza huchipuka, kwa hiyo mahali pa kidonda cha kwanza mara nyingi hukuonyesha mlango kilioingilia. Dereva alikuwa nacho chini ya govi, yule kijana nyuma. Wengine hukipata mdomoni.

Kondomu? Inasaidia, hasa kidonda kikiwa chini yake. Lakini dereva baadaye alikuwa na kingine kwenye kinena na kimoja kwenye paja, na hakuna kondomu inayofika pajani.

Shuka, taulo na chupi za mgonjwa pia hubeba vigaga na majimaji. Busu nalo hupitisha. Na jambo ambalo wengi hawalipendi ni kwamba mtu anaweza kuambukiza siku moja hadi nne kabla hajaona kipele chochote. Ndiyo sababu aliyeguswa na mgonjwa hujichunguza kwa siku 21, na katika siku hizo asilale na mtu, hata akijiona mzima kama mnazi.

## Mwanzo ni rahisi

Kujua lini uanze kujitenga hakuhitaji elimu. Ukiona kipele kipya kinachouma sehemu za siri au nyuma, au mtoki na homa baada ya kulala na mtu, unaanza siku hiyohiyo, kabla ya jibu la maabara. Dereva, kwa kosa langu, alianza siku tatu kwa kuchelewa, na siku hizo alizimaliza ndani ya kichwa cha lori na utingo wake. Utingo alihesabu siku 21 na akatoka salama. Bahati.

Baada ya jibu kurudi alipanga chumba, akakaa peke yake. Chakula aliachiwa mlangoni. Choo kilikuwa cha wapangaji wote, kwa hiyo alipewa chupa ya dawa ya klorini na maelekezo ya kupangusa kila alipokalia na kushika. Shuka zake hakuzikung'uta, alizikunja kwa ndani na kuziloweka mwenyewe kwenye maji moto na sabuni. Alivaa suruali ndefu na mikono mirefu alipotoka kwenda msalani. Alifuata kila kitu. Sijawahi kupata mgonjwa mtiifu kama yule.

## Mwisho ndio uliotushinda

Nilimpa kigezo cha kumaliza kujitenga kama wanavyopewa wote: "Utatoka vigaga vyote vikishaanguka na ngozi mpya ikishaota."

Tarehe 3 Juni, siku ya 22 tangu kipele cha kwanza, alifika kliniki akitabasamu. Akanionyesha mikono: safi, imebaki alama. Akageuza kiganja: safi. Uso: safi. Nikamuuliza, "Na vya huko chini?"

"Hakuna kigaga hata kimoja, daktari."

Alisema kweli. Nikaandika kwenye faili: vigaga vimeanguka. Hakuvua, sikumwambia avue. Kulikuwa na watu kumi na wawili kwenye benchi.

Chini ya govi hapakuwahi kuwa na kigaga. Sehemu yenye unyevu haifungi kigaga. Ndani ya mdomo, chini ya govi, ndani ya mashavu ya uke, kwenye mikunjo ya nyuma, kidonda huwa kibichi tangu kinapopasuka mpaka kinapojaa nyama na kufunikwa na ngozi changa. Hakuna kitu cha kuanguka. Anayesubiri kigaga kianguke mahali pale anasubiri kitu kisichokuwepo, na asipokiona anadhani kimekwisha kuanguka.

Hivi hasa ndivyo ilivyokuwa. Alinielezea baadaye kwenye simu: alibaki na "mchubuko" wa saizi ya punje ya mahindi, mwekundu, unaong'aa, usiouma tena. Kwa kuwa hauumi na hauna kigaga, akauhesabu kama kovu. Usiku wa tarehe 5 alilala na mkewe. Tarehe 14 mkewe akaona kipele.

Siku tisa, kama zake.

Nimejiuliza sana kama kosa lilikuwa la maneno au la macho. Maelekezo yalikuwa sahihi, hata nusu yake ya pili, "ngozi mpya ikishaota", ilitosha kumwokoa mtu. Lakini kati ya nusu mbili za sentensi, mtu hushika ile anayoweza kuihesabu. Vigaga vinahesabika.

Siku hizi nasema kinyume. Ninaanza na sehemu yenye unyevu: "Pale palipokuwa na kidonda pawe pamefunikwa na ngozi kavu, isiyong'aa, isiyotoa maji ukiigusa na karatasi nyeupe ya chooni." Ile karatasi ndiyo niliyoiongeza mwenyewe. Ukiibonyeza taratibu na ikatoka na alama ya unyevu wa manjano au wa pinki, bado. Kwa nyuma, atumie kioo na tochi ya simu, au aje nimtazame. Haichukui nafasi ya macho ya tabibu, ila inampa mtu kitu cha kutazama badala ya kitu cha kungoja kianguke. Wengi humaliza katika wiki mbili hadi nne, na vya sehemu hizi hupenda kuwa vya mwisho.

## Tarehe mbili

Walikuja wote wawili tarehe 17 Juni. Mtoto wao wa miaka minne walimwacha kwa bibi yake mtaa wa pili, na bibi alikuwa na kazi ya kumtazama mwili mzima kila anapomwogesha mpaka tarehe 5 Julai, siku 21 tangu mama yake atoke kipele na kujitenga naye. Hakupata kitu.

Mke alikuwa na vitatu kwenye shavu la uke na kimoja kwenye paja. Hakuwa na mimba, na nilishukuru, kwa sababu mpox huweza kuua kilichomo tumboni. Hakumtazama mumewe hata mara moja tulipokuwa chumbani. Alikaa peke yake kwenye chumba cha watoto kwa siku 25. Tarehe 9 Julai nilimwomba avue, nikaleta tochi, nikatumia karatasi. Ilitoka nyeupe.

Yeye mume nilikuwa nimemtazama ile tarehe 17 Juni. Ngozi yake ilikuwa imefunga, nyembamba, ya pinki. Nikamwambia mambo ya kondomu: kirusi kimepatikana kwenye shahawa hata baada ya vidonda kupona, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kondomu kwa wiki 12 tangu siku ya kupona. Yake ingekwisha tarehe 9 Septemba. Ya mkewe, aliyepona tarehe 9 Julai, ingekwisha tarehe 1 Oktoba. Siku hiyo ya 9 Julai niliziandika zote mbili nyuma ya kadi.

Mume aliitazama kadi muda mrefu. Mke alikuwa amekwisha kutoka nje.

"Daktari, sote wawili tumeshaugua. Sasa mimi na yeye tunakingana nini?"

"Nyinyi kwa nyinyi, karibu hakuna."

"Basi hii tarehe ni ya nani?"

Nikamuuliza anapakia lini tena kwenda Malaba. Akaikunja kadi na kuitia mfuko wa shati.